Ploti Kubwa, Ploti Ndogo: Jaribio la Oti na Hitilafu Zake Mbili

Jaribio la ploti zilizogawanywa hupima mambo mawili katika shamba moja, lakini hayapimi yote mawili kwa usahihi ule ule. Mfano unaofundishwa sana ni jaribio la oti ambalo Frank Yates wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, alilichapisha mwaka 1935. Shamba lilikuwa na bloku 6, na kila bloku ploti kubwa 3. Kura iliamua ploti ipi ipandwe mbegu ya Victory, ipi Golden Rain na ipi Marvellous. Kisha kila ploti kubwa ikakatwa ploti ndogo 4, na kura ya pili ikazigawia viwango 4 vya naitrojeni, kuanzia sifuri. Jumla zikawa ploti ndogo 72.

Kura mbili huzaa hitilafu mbili. Ploti ndogo zilizo ndani ya ploti kubwa moja zimepakana na udongo wao unafanana, hivyo viwango vya mbolea hulinganishwa kwa karibu. Mbegu hazina bahati hiyo. Ingawa mavuno yamepimwa mara 72, mashahidi wa mbegu ni ploti kubwa 18 tu. Katika programu ya R, mgawanyo huo huandikwa hivi, B ikiwa bloku, V mbegu na N naitrojeni:

```
aov(Y ~ N * V + Error(B/V), data = oats)
```

Jedwali hutoa hitilafu ya ploti kubwa, 601.3, yenye digrii za uhuru 10, na ya ploti ndogo, 177.1, yenye digrii 45. Wastani wa mavuno, kwa robo ratili kwa kila ploti ndogo, ni 109.8 kwa Marvellous, 104.5 kwa Golden Rain na 97.6 kwa Victory. Marvellous imeizidi Victory kwa 12.2, lakini kwa hitilafu ya ploti kubwa, pengo lisilopungua 15.8 ndilo lingethibitisha tofauti.

Hapa ndipo wengi huteleza. Neno `Error(B/V)` likiachwa na bloku zikaingizwa kama kigezo cha kawaida, hitilafu mbili huchanganywa kuwa moja ya 254.2, F ya mbegu hupanda kutoka 1.49 hadi 3.51, na Marvellous hutangazwa mshindi kwa ushahidi ambao shamba halikutoa. Kosa hilo hutambulika upesi: jedwali huonyesha mstari mmoja wa hitilafu wenye digrii 55.

Kwa hiyo ripoti itaje kigezo kilichokaa kwenye ploti kubwa, na kila safu ya wastani iambatane na hitilafu yake: kosa sanifu la tofauti ni 7.1 kwa mbegu na 4.4 kwa naitrojeni. Mwingiliano hutazamwa kwanza. Hapa F yake ni 0.30, hakuna dalili kwamba mbegu ziliitikia mbolea kwa namna tofauti. Naitrojeni ilipandisha wastani kutoka 79.4 hadi 98.9, 114.2 na 123.4, na hilo ndilo jaribio lilithibitisha.