Urefu wa Mnara Hupimwa Kutoka Chini

Familia moja inapotaka kujenga nyumba katika kiwanja kilicho chini ya mnara wa simu, swali la kwanza huwa ni la usalama: je, mnara huo ukianguka upande wa kiwanja, utaifikia nyumba? Majirani hutoa majibu yanayotofautiana. Mmoja husema mnara una mita 30, mwingine husema 60, na kila mmoja anakadiria kwa macho. Jicho la binadamu hukosea sana linapotazama juu, kwa kuwa hakuna kitu kingine hewani cha kulinganisha. Hata hivyo, urefu huo unaweza kujulikana bila mtu kuukaribia mnara wala kuupanda, kwa kifaa kinachotengenezwa nyumbani na hesabu ya kidato cha pili.

Makala haya yanaeleza njia hiyo kwa kutumia mfano wa familia ya namna hiyo, iliyo kwenye mteremko kama ile iliyo mingi katika Wilaya ya Tarime. Kwenye ardhi ya tambarare, kama sehemu nyingi za Wilaya ya Serengeti, kazi ni rahisi zaidi. Mteremko ndio unaowakosesha wengi.

Kutengeneza kifaa

Kifaa hiki huitwa klinomita, yaani kipimo cha mwinamo. Kinahitaji kipimapembe cha nusu duara kilichomo katika mkebe wa vifaa vya hesabu wa mwanafunzi, mrija wa soda, uzi wa kushonea wenye urefu wa sentimita 30 na nati moja ya chuma. Mrija hubandikwa sambamba na ukingo ulionyooka wa kipimapembe. Uzi hufungwa kwenye alama ya katikati ya ukingo huo, na nati hufungwa mwisho wa uzi ili iwe timazi.

Mtu akitazama mbele kwa usawa kupitia mrija, upande wa duara ukiwa chini, uzi huning'inia juu ya alama ya 90. Akiuinua mrija kutazama kilele, kipimapembe huzunguka lakini uzi hubaki wima. Tofauti kati ya 90 na alama ambayo uzi unapita juu yake ndiyo pembe ya mwinuko. Uzi ukipita kwenye 50, pembe ni digrii 40. Vipimapembe vingi vina mistari miwili ya namba, inayosomwa kutoka kushoto na kutoka kulia, hivyo mtu anaweza kuona 130 badala ya 50. Tofauti na 90 bado ni 40, na hiyo ndiyo inayotakiwa. Kosa la kawaida ni kuichukua namba ya 50 yenyewe kuwa pembe.

Kabla ya kutumiwa, kifaa kijaribiwe. Mafundi ujenzi huhamisha usawa kutoka nguzo moja hadi nyingine kwa mpira unaoonyesha ndani uliojazwa maji. Alama mbili zilizo katika usawa mmoja ziwekwe kwenye nguzo mbili zilizo umbali wa mita 10 au zaidi, kisha alama moja itazamwe kupitia mrija uliowekwa kwenye alama nyingine. Uzi usipotulia kwenye 90, mrija umebandikwa upande, na ni lazima ubandikwe upya.

Hesabu kwenye ardhi tambarare

Jicho la mpimaji, kilele cha mnara na sehemu ya mnara iliyo sawa na jicho hufanya pembetatu yenye pembe mraba. Katika pembetatu hiyo, urefu kutoka usawa wa jicho hadi kilele ni sawa na umbali ukizidishwa na tanjenti ya pembe. Tanjenti ni namba inayopatikana katika majedwali ya hesabu au kwenye kikokotoo cha simu. Katika simu, kikokotoo kiwe kimewekwa kwenye DEG na si RAD. Jaribio lake ni kuandika tan(45): jibu lazima liwe 1.

Mpimaji akisimama mita 50 kutoka mnara na kupata digrii 40, tanjenti yake ni 0.839. Mara 50 ni mita 41.95. Hapo huongezwa urefu wa jicho lake kutoka ardhini, tuseme mita 1.5, na urefu wa mnara huwa kama mita 43.5.

Njia hii ya pembe na umbali ni ndugu wa ile iliyotumiwa na wapima ardhi kupima milima. Urefu wa Mlima Kilimanjaro unaojulikana kwa wengi, mita 5,895, ulitokana na upimaji wa mwaka 1952. Upimaji wa setilaiti wa mwaka 2008 ulipata karibu mita 5,892. Wapima ardhi wa 1952 walikuwa na vyombo vyenye usahihi mkubwa kuliko kipimapembe cha mwanafunzi, lakini pembetatu ilikuwa ile ile.

Hesabu kwenye mteremko

Katika mfano wetu, mnara uko juu ya kilima na kiwanja kiko chini yake. Ukubwa wa kosa katika hali hii hautoki kwenye kifaa, bali kwenye mambo mawili: umbali uliopimwa vibaya, na kitako cha mnara kudhaniwa kuwa kiko usawa na miguu ya mpimaji.

Umbali unaohitajika ni ule wa usawa, si ule unaofuata mteremko. Mafundi huupata kwa kupima kwa ngazi. Mtu mmoja hushika mwanzo wa futi kamba ardhini upande wa juu, mwingine huivuta ikiwa ya usawa kwa hatua fupi ya mita 3 au 4, akitumia pima maji, kisha hudondosha timazi hadi ardhini kutoka mwisho wa futi kamba. Hatua inayofuata huanzia pale timazi ilipogusa. Hatua zote zikijumlishwa, umbali wa usawa hupatikana.

Umbali huo uishie chini ya kilele, yaani katikati ya kitako, si kwenye mguu wa karibu wala kwenye uzio. Kwa kuwa hairuhusiwi kuingia ndani ya uzio wa mnara, familia hiyo ilipima mita 42 hadi kwenye uzio wa waya. Uzio ni mraba wenye upande wa mita 12 na mnara uko katikati yake, hivyo ziliongezwa mita 6. Umbali kamili ukawa mita 48.

Kutoka sehemu hiyo pembe mbili hupimwa. Ya kwanza ni hadi kilele: digrii 46. Ya pili ni hadi kitako kinachoonekana kupitia uzio: digrii 8 juu ya usawa wa jicho. Tanjenti ya 46 ni 1.036, na mara 48 inatoa mita 49.7. Tanjenti ya 8 ni 0.141, na mara 48 inatoa mita 6.8. Kilele kiko mita 49.7 juu ya jicho, na kitako kiko mita 6.8 juu ya jicho. Tofauti yake, takriban mita 43, ndiyo urefu wa mnara. Urefu wa jicho hauongezwi hapa, kwa kuwa kitako kimeshapimwa kutoka jicho hilo hilo.

Iwapo familia ingesahau mteremko na kutumia hesabu ya tambarare, ingepata mita 51.2, yaani kosa la zaidi ya mita 8. Mpimaji anaposimama upande wa juu wa kilima na kitako kiko chini ya jicho lake, vipimo viwili hujumlishwa badala ya kutolewa.

Kiasi cha kuamini jibu

Kipimapembe cha mwanafunzi husomeka kwa uhakika wa digrii 1 hivi, hasa upepo unapoyumbisha nati. Ni vyema watu wawe wawili: mmoja atazame kupitia mrija, mwingine asubiri uzi utulie, aubane kwa kidole na kusoma. Vipimo vitatu vya pembe moja vichukuliwe, na ile ya katikati itumike.

Katika mfano huu, kilele kikiwa kimesomwa kwa kosa la digrii 1 na kitako vivyo hivyo, urefu wa kweli unaweza kuwa kati ya mita 40 na 46. Jibu la kuandika kwenye daftari si 43 pekee, bali 43 pamoja na kipimo hicho cha kutokuwa na uhakika.

Kusimama karibu mno huongeza kosa. Kutoka mita 15 tu, mnara wa urefu huu ungeonekana kwa takriban digrii 70 kwenye ardhi tambarare, na digrii 1 ya kosa ingebadilisha jibu kwa zaidi ya mita 2. Isitoshe, mtu aliye karibu huzuiwa na vibao na antena asione kilele halisi. Umbali unaokaribiana na urefu wa mnara, pembe ikiwa karibu na 45, ndio unaofaa.

Uthibitisho wa mwisho ni kupima tena kutoka mahali pengine. Kutoka mita 60, familia ilipata digrii 41 kwa kilele na 8 kwa kitako, na hesabu ikatoa takriban mita 44. Majibu mawili yalikaribiana. Yangetofautiana kwa mita 10, kipimo kimoja kingekuwa na kosa, na kwa kawaida kosa hilo huwa katika futi kamba au katika namba ya pembe iliyosomwa bila kutoa kwenye 90.

Nini kifuatie

Kona ya karibu ya nyumba iliyokusudiwa iko mita 38 kutoka kwenye uzio, yaani mita 44 kutoka katikati ya mnara. Kipimo cha mita 43 peke yake kingewapa moyo wa kuanza msingi. Lakini urefu wa kweli unaweza kuwa mita 46, na kwa hiyo kona hiyo haina usalama wa uhakika. Mnara wa chuma unaweza kujikunja na kuanguka kwa sehemu badala ya kulala wote, lakini mjenzi hatakiwi kutegemea hilo. Uamuzi wa busara ni kusogeza msingi mbele zaidi ya mita 46 na kuongeza nafasi ya ziada.

Kipimo hiki hakichukui nafasi ya mtaalamu. Kinampa mwananchi namba ya kuuliza nayo. Urefu kamili huandikwa katika nyaraka za kampuni inayomiliki mnara, na mtu aliyepima mwenyewe atatambua mara moja kama anapewa namba isiyolingana na anachokiona. Kabla ya kuchimba msingi, mwananchi aende na daftari la vipimo vyake kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, ili suala lipelekwe kwa wataalamu wa ardhi na ujenzi wa Halmashauri. Daftari lionyeshe mahali aliposimama, umbali wa usawa, pembe zote mbili na tarehe. Kwa kumbukumbu hizo, mtaalamu anaweza kurudia kazi hiyo hiyo kutoka mahali pale pale.