Kunakili Ankara Iliyojaa Mihuri

Katibu wa chama cha ushirika cha wakulima anapopokea ankara kutoka duka la pembejeo, huwa haipokei karatasi safi. Imepigwa chapa kwa herufi ndogo, muhuri wa duka umekaa katikati ya safu, muhuri wa ghala umekaa juu ya ule wa duka, na pembeni ya jumla mtu ameandika kwa kalamu kwamba fedha imelipwa. Kazi yake ni kuyahamisha hayo yote kwenye kompyuta ili mhasibu na wanachama wayasome bila kuishika karatasi yenyewe. Inaonekana ni kazi ya vidole tu. Lakini kosa likipenya hapa, ndilo litakalosomwa kwenye mkutano mkuu.

Tuchukue ankara ya mfano, ya Machi 2025, yenye mistari mitano. Mifuko 24 ya mbolea ya kupandia kwa 72,000, jumla 1,728,000. Mifuko 18 ya mbolea ya kukuzia kwa 68,000, jumla 1,224,000. Toroli 4 kwa 95,000, turubai 5 kwa 64,000, na jozi 10 za buti za mvua kwa 15,000. Kila mstari una namba ya bidhaa mwanzoni na herufi moja mwishoni. Chini kuna jumla kabla ya kodi, 3,802,000, kisha VAT 153,000, kisha jumla kuu, shilingi 3,955,000.

Anayeijua VAT ya Tanzania Bara kuwa ni asilimia 18 atashtuka. Asilimia 18 ya 3,802,000 ni 684,360, si 153,000. Wengine husahihisha papo hapo, na hapo ndipo huiharibu ankara isiyo na kosa. Jibu liko kwenye ile herufi ndogo ya mwisho wa mstari ambayo watu huiruka. Kwenye ankara hii mbolea zina herufi E, maana yake hazikutozwa kodi; toroli, turubai na buti zina herufi A. Jumlisha hizo tatu tu: 380,000, 320,000 na 150,000, unapata 850,000, na asilimia 18 yake ni 153,000 kamili. Kwa hiyo herufi hiyo ipewe safu yake. Bila hiyo, mtu wa baadaye hawezi kuihakiki kodi hata akitaka. Kuna pia maduka yanayoandika bei zenye kodi ndani yake. Huko kodi hupatikana kwa kugawanya bei kwa 118 na kuzidisha kwa 18, na ukichanganya njia hizi mbili hesabu haitafunga kamwe.

Uzuri wa tarakimu za fedha ni kwamba zinalindana. Idadi mara bei lazima izae jumla ya mstari, na mistari lazima izae jumla ya chini. Tuseme karani amechapa 1,242,000 mahali pa 1,224,000. Jumla ya kompyuta itazidi ya karatasi kwa 18,000. Kabla ya kuanza kusoma upya karatasi nzima, agawanye tofauti hiyo kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kitu, ashuku kwanza kwamba tarakimu mbili zilizo jirani zimepishana. Hapa jibu ni 2,000: tarakimu zinazopishana ni zile za maelfu na makumi elfu, na moja inaizidi nyingine kwa 2. Jicho linakwenda moja kwa moja kwenye ile 24 iliyogeuka 42. Wahasibu wa zamani walifanya hivi kwa penseli, na bado ni njia ya haraka mno. Ila sifuri iliyoachwa nayo huleta tofauti inayogawanyika kwa 9, kwa hiyo hesabu hii inaonyesha pa kutazama tu. Karatasi ndiyo inayothibitisha.

Namba za bidhaa hazina ulinzi huo. Ukiandika 0153 mahali pa 0158, hakuna jumla itakayolalamika, lakini daftari la ghala litaongeza mbolea ya kukuzia wakati iliyoingia ni ya kupandia. Ndiyo maana ninaamini muda mwingi wa kunakili ustahili kwenda kwenye safu hii, ambayo kwa kawaida hupewa muda mchache kuliko zote. Herufi O na sifuri, S na 5, B na 8 hufanana sana chini ya chapa hafifu. Kinachosaidia ni kusoma namba pamoja na jina la bidhaa na kulinganisha na hati ya kupokelea mzigo.

Kuna adui mwingine asiyeonekana kwenye karatasi, nayo ni kompyuta yenyewe. Ukichapa 0158 kwenye Excel, inabaki 158. Na kama namba ya turubai ni 2E04, Excel huiona kuwa hesabu na kuonyesha 2.00E+04. Dawa ni kuipa safu hiyo muundo wa `Text` kabla ya kuchapa chochote, kwa sababu ukibadilisha baadaye, sifuri iliyokwisha kupotea hairudi.

Sasa mihuri. Muhuri wa zambarau umefunika idadi ya turubai, na kinachoonekana ni mkia wa tarakimu tu. Bei inasomeka, 64,000, na jumla ya mstari inasomeka, 320,000, hivyo idadi ni 5. Iandikwe 5, lakini kwenye safu ya maelezo iandikwe pia kwamba imepatikana kwa hesabu, haikusomwa. Hizo ni hali mbili tofauti, na mkaguzi ana haki ya kuzijua. Ankara ikipigwa picha, ipigwe kwa rangi. Picha ya nyeusi na nyeupe huchanganya wino wa muhuri na wa chapa vikawa giza moja, na kilichofunikwa hakirudi tena.

Mihuri nayo inanakiliwa, kila mmoja peke yake: maneno yake, tarehe yake, na mahali ulipopigwa. Ankara hii ina tarehe mbili kabla hata hatujafika kwenye kalamu, 10 Machi iliyochapwa juu na 17 Machi kwenye muhuri wa ghala. Ya kwanza ni siku ya kuuziana, ya pili ni siku mzigo ulipoingia. Ukiwa na safu moja tu ya tarehe, lazima mojawapo ipotee.

Pembeni ya jumla kuu kumeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Imelipwa 3,950,000", sahihi isiyosomeka, na tarehe ambayo ni 14/3 au 19/3, kwa kuwa 4 iliyofungwa juu hufanana na 9. Hapa kishawishi ni kikubwa. Karani anaona 3,950,000 ndiyo iliyotoka mfukoni, anaifanya iwe jumla ya ankara, na papo hapo kodi na mistari haijumlishiki tena. Jumla ya ankara inabaki 3,955,000. Malipo yana safu yake, na zile 5,000 zinaachwa zionekane kama tofauti bila kubatizwa jina la punguzo au deni, maana karatasi haikusema. Tarehe nayo iandikwe zote mbili. Uamuzi una uzito: 14 ingekuwa kabla mzigo haujaingia ghalani, 19 ingekuwa baada. Taarifa ya benki au ya simu iliyotuma fedha itamaliza ubishi huo.

Wala neno la kalamu si risiti. Risiti ni ile ya mashine ya EFD, ambayo msimbo wake unaweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya TRA, na ndiyo ya kutazama kwanza unapouliza habari za zile 5,000. Ikionyesha 3,955,000, basi muuzaji ametangaza mauzo yote na chama kinahitaji maelezo yake kwa maandishi kama kiasi hicho kimesamehewa. Itolewe nakala siku hiyohiyo, kwa sababu karatasi ya mashine hiyo huchapwa kwa joto na maandishi yake hufifia ikikaa kwenye jua au kwenye droo yenye joto, huku ankara yenyewe na wino wa kalamu vikibaki.