Jenereta ya Kwenye Picha Ina Wati Ngapi?

Picha imetumwa kwa WhatsApp: jenereta ya petroli, fremu nyeusi ya bomba, tangi jekundu, na ubavuni stika kubwa yenye namba 3800. Muuzaji ameandika, "Kilowati tatu na pointi, haijachoka." Anayetaka kuinunua ni dada mwenye saluni Mbeya. Ana friji ndogo ya soda, televisheni ya inchi 32, taa tano za LED, mashine ya kunyolea na draya ya kofia ya kukaushia nywele. Anauliza swali moja tu: itabeba?

Hiyo namba kubwa ndiyo ya kuaminiwa mwisho. Watengenezaji huiweka kama jina la toleo, na jina halilazimiki kusema kweli. Mfano unaojulikana kote Afrika ni ile jenereta ndogo ya kubebwa kwa mkono, TG950, inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Wengi wameinunua wakidhani ni ya wati 950, kumbe umeme inaoweza kuutoa kwa saa nyingi ni wati 650 hivi. Hata HP iliyoandikwa kwenye stika haisaidii sana. Mtu akiona 6.5 HP anazidisha kwa 746 na kupata kama wati 4,800, na hapo anapotea. Hiyo ni nguvu ya injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, ilhali jenereta zetu za herzi 50 huzunguka 3,000. Tena sehemu ya nguvu hiyo hupotea kabla haijawa umeme.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuomba picha nyingine. "Kaka, naomba unipigie ile bamba ndogo iliyobandikwa upande wa soketi, kwa karibu." Kwenye bamba kuna volti, herzi, ampea na mara nyingi vipimo viwili vya nguvu. Kile kidogo ndicho jenereta inachoweza kukishikilia saa nyingi. Kikubwa ni cha dakika chache tu. Muuzaji atakutajia kikubwa, wewe fanya hesabu kwa kidogo. Kama namba ya nguvu imefutika lakini ampea zinasomeka, zidisha ampea kwa volti: ampea 8.7 kwa volti 230 ni wati 2,000. Usichukue ampea zilizo karibu na maneno 12V. Hizo ni za kuchajia betri ya gari, hazihusiani na soketi.

Bamba la jenereta hii lilikuwa limekwanguliwa, kitu ambacho kwa mashine zilizotumika si ajabu. Ndipo injini yenyewe inapoulizwa. Injini nyingi za Kichina za jenereta zina namba kama 168F, 170F au 188F, ama kwenye stika ya kifuniko cha kamba ya kuwashia, ama imegongwa kwenye chuma cha injini. Namba hiyo husomeka hivi: 1 ni silinda moja, 68 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, na F ni kwamba injini inapozwa kwa upepo. Yenye 188F basi ina silinda pana ya milimita 88. Picha ya pili ya muuzaji ilionyesha 168F na chini yake 196cc, ukubwa wa kawaida kwa injini ya 6.5 HP.

Ukishajua cc, kazi kubwa imekwisha. Kwa jenereta za kawaida za fremu wazi, kilowati moja ya kudumu inahitaji cc 80 hadi 95. Mimi hugawanya kwa 90, nisijidanganye. 196 gawanya kwa 90 ni kilowati 2.2 kasoro kidogo, na nyingi za ukubwa huu huuzwa kama za kilowati 2. Ya 188F, yenye cc 389, hutoa kama kilowati 5. Hesabu hii haifai kwa zile za inveta zilizofungwa ndani ya boksi la plastiki. Hizo hutoa umeme mwingi zaidi kwa cc chache.

Kama hata injini haisomeki, kuna dalili za macho. Sakiti breka iliyoandikwa 10A kwenye paneli yenye soketi ni dalili ya mashine ya kilowati 2 hivi. Magurudumu, betri ya kuwashia na soketi nene ya duara ya bluu huonekana zaidi kwa za kilowati 5 kwenda juu. Dalili hizi ni za kukisia tu. Fremu na tangi vinaweza kubadilishwa, injini pia.

Basi 3800 imeshuka kuwa 2,000, na bado hatujafika Mbeya. Jiji hilo liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini yenye kabureta hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Ukipiga hesabu, asilimia 20 imekwenda. Jenereta inayotoa wati 2,000 Dar es Salaam itatoa kama 1,600 kule. Nairobi iko juu vilevile, na makato yake ni hayohayo.

Sasa mzigo wa saluni. Draya wati 1,000, televisheni 60, taa tano za wati 9 ni 45, mashine ya kunyolea 15. Jumla 1,120. Friji ikiwa inatembea inakula wati 120 tu, kwa hiyo kwenye karatasi yote yanaingia: 1,240 kati ya 1,600. Tatizo ni kwamba mota ya friji, pale inapoamka, huvuta mara tano au zaidi ya kawaida yake kwa muda mfupi sana. Weka wati 700 juu ya zile 1,120 na umeshafika 1,820. Jenereta itaguna, taa zitafifia, volti zitashuka, na mota iliyokwama bila kuzunguka huungua.

Mafundi hushauri uwashe friji kwanza, ndipo vingine vifuate. Ushauri ni mzuri, ila unasaidia mara moja tu, kwa sababu friji hujizima ikipoa na kujiwasha yenyewe baadaye, na haitasubiri mteja atoke kwenye draya. Jibu langu kwa dada lilikuwa hili: itabeba, lakini draya ikiwaka, chomoa friji. Friji isiyofunguliwa hukaa na ubaridi wake kwa saa kama nne. Birika la umeme la wati 2,000 asahau. Pasi ya wati 1,000 itakaa mahali pa draya, si pamoja nayo.

Kuna yasiyoonekana kwenye picha yoyote. Koili za alumini zikiwa mahali pa shaba hupata joto upesi na hazistahimili mzigo mzito, na nje mashine zote mbili zinafanana. Uzito husema kidogo: ikiwa nyepesi sana kuliko wenzake wa cc zilezile, tia shaka. Pistoni iliyochoka nayo haina picha.

Kwa hiyo kabla hujatuma hata senti, mwombe muuzaji video ya jenereta ikiwa imebeba pasi ya wati 1,000 kwa dakika kumi, na mita ya volti ikiwa kwenye soketi ya pili. Volti zikibaki kati ya 215 na 240, na moshi usiwe wa bluu, endelea na mazungumzo ya bei. Akikataa kupiga video hiyo, tafuta jenereta nyingine. Na utakayoinunua, iwashie nje ya jengo, mbali na madirisha, maana moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua.