Kwa Nini Mkoko Hustawi Mahali Ambapo Mpunga Hukauka

Katika delta ya Rufiji, misitu ya mikoko hupakana na mashamba ya mpunga. Mkulima wa huko hutegemea maji ya mto yaisukume bahari nyuma na kuyaosha matope. Mto ukiwa dhaifu, maji ya chumvi hupanda. Mpunga huanza kukauka kwenye ncha za majani ya zamani, huku mkoko ulio hatua chache tu kutoka hapo ukiendelea kuchipua. Yote miwili inavuta maji kutoka kwenye tope lenye chumvi. Kinachoitofautisha, kwa kiasi kikubwa, ni namna mizizi yake ilivyozibwa kwa ndani.

Ukikata mzizi mchanga kwa wembe na kuutazama kwa hadubini, utaona duara ndani ya duara. Nje kuna ngozi, kisha gamba pana la seli zilizoachana kidogo, na katikati kabisa iko zailemu, yaani mirija inayopandisha maji hadi majanini. Kati ya gamba na kitovu hicho kuna tabaka lenye unene wa seli moja tu, nalo huitwa endodemisi.

Maji ya udongoni, pamoja na ayoni za madini yaliyoyeyuka humo, yana njia mbili za kuingia. Yanaweza kupenya utando wa seli na kusafiri ndani ya seli, au yakapita kwenye kuta zinazotenganisha seli, kama mtu anayevuka mtaa kwa vichochoroni bila kubisha hodi kwenye nyumba yoyote. Kuta hizo zina vinyweleo na hazichagui kitu. Kama zingefika wazi hadi kwenye zailemu, mmea ungekunywa kila kilichomo udongoni, chenye faida na chenye sumu.

Njia hiyo hukatizwa kwenye endodemisi. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Robert Caspary, aliueleza mwaka 1865 ukanda mwembamba uliozunguka kila seli ya tabaka hilo, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Ukanda huo ni lignini, dutu ile ile inayoupa mti ugumu wake, nayo imejaa ndani ya ukuta mahali seli moja inapogusana na jirani yake. Isitoshe, utando wa seli umegandamana na ukanda huo, hivyo hakuna upenyo kati yao. Upande wa seli unaotazama udongo na ule unaotazama kitovu havina ukanda. Maji yanayotaka kwenda mbele hayana budi kuvuka utando.

Kwenye utando ndiko uchaguzi unakofanyika, kwa sababu humo mna protini ambazo kila moja hupitisha ayoni au molekuli za aina fulani. Mfano mzuri ni silikoni, ambayo mpunga huihitaji kwa wingi ili majani yake yasimame imara. Jian Feng Ma na wenzake nchini Japani walitambua protini mbili za kazi hiyo, Lsi1 mwaka 2006 na Lsi2 mwaka 2007. Ya kwanza hukaa upande wa seli unaotazama udongo na kuiingiza silikoni. Ya pili hukaa upande wa ndani na kuisukuma kuelekea kitovu. Ukanda wa Caspary ukiwa kati yao, silikoni iliyokwisha kuingia haiwezi kurudi nyuma kwa kupitia kuta. Hata hivyo milango hiyo hudanganyika: aina moja ya aseniki inayopatikana kwenye mashamba yaliyofurika maji inafanana na silikoni kiasi cha kupita nayo, na ndiyo sababu mchele unaweza kubeba sumu hiyo.

Sodiamu ya chumvi nayo hupenya kiasi kupitia protini za utando. Lakini katika mpunga kuna tatizo la zaidi: mzizi unavuja. Timothy Flowers na Anthony Yeo wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliupima uvujaji huo kwa rangi ing'aayo ambayo haiwezi kupita kwenye utando wa seli. Rangi hiyo ikionekana majanini, basi imepita mahali ambapo hapakuzibwa sawasawa. Katika mpunga, asilimia chache za maji zilipita hivyo, takribani mara 10 ya ngano, na mimea iliyovuja zaidi ndiyo iliyokuwa na sodiamu nyingi zaidi majanini.

Asilimia chache zaonekana ndogo, lakini tupige hesabu. Chukua maji yenye gramu 3 za chumvi kwa lita, na mche uliopitisha lita moja huku ukijenga takribani gramu 3 za mwili mkavu. Asilimia 5 ya maji yale ikivuja, gramu 0.15 za chumvi zitafika juu, sawa na asilimia 5 ya uzito mkavu wa mche wote. Maji hupotea hewani kama mvuke, chumvi hubaki jani lilipo. Ndiyo maana majani yaliyokaa muda mrefu huungua kwanza.

Mkoko hupambana na maji makali zaidi, kwani lita ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi. Mizizi yake huzuia karibu asilimia 99. Mchu huruhusu chumvi nyingi zaidi, takribani mara 10 ya mkoko, kisha huitoa kwa tezi za majanini. Jua likiwaka utaona chembe nyeupe juu ya jani. Mwaka 1968 Per Scholander alionyesha kwamba mizizi ya mikoko huendelea kuchuja chumvi hata inapopozwa au kuwekewa sumu inayodhoofisha nguvu za seli. Alihitimisha kwamba mvuto wa maji kutoka majanini ndio unaoyapitisha maji, na chumvi huachwa nje. Uchujaji wa namna hiyo hauwezekani penye nyufa.

Mmea unajuaje kwamba una ufa? Jibu lilipatikana mwaka 2017 katika Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya kabichi unaotumika sana maabara. Seli za kitovu hutengeneza vipande vidogo vya protini viitwavyo CIF, ilhali kipokezi chake, SGN3, kiko ng'ambo ya pili ya ukanda. Ukanda ukiwa na pengo, CIF hupenya na kukifikia kipokezi, na seli huongeza lignini. Pengo likizibika, CIF haifiki tena na ujenzi husimama. Mimea isiyo na SGN3 hubaki na ukanda wenye mianya, na majani yake hupungukiwa potasiamu.

Mizizi ya mpunga nayo huweza kuimarishwa. Pokkali, mbegu ya mashamba ya chumvi ya Kerala nchini India, huweka mizizini suberini nyingi zaidi, dutu ya mafuta inayozuia maji, kuliko mbegu zinazodhurika kwa urahisi. Miche iliyozoeshwa chumvi kidogo kabla ya kukumbana na chumvi nyingi huongeza kizuizi hicho na kupitisha sodiamu kidogo zaidi. Lakini ulinzi huo una gharama, kwa sababu suberini ikifunika seli nzima huzuia pia madini ambayo mmea unayahitaji. Mbegu ifaayo delta kama ya Rufiji ni ile inayoziba mianya huku ikiacha milango ya utando wazi.