Paa moja, kofia za mikunjo miwili

Paa la pande nne lina migongo ya aina mbili. Upo mgongo wa juu, uliolala sawasawa kwenye kilele, na ipo migongo minne ya kona, inayoteremka kutoka ncha za kilele hadi kona za nyumba. Yote hufunikwa kwa kofia, vile vipande vya bati vilivyokunjwa katikati ili mvua isipenye pale mabati ya pande mbili yanapokutana. Sasa chukua kofia iliyokunjwa ikakaa barabara kwenye mgongo wa juu, uiweke kwenye mgongo wa kona. Haikai. Kingo zake zinagusa mabati, lakini katikati inabaki imeinuka, na ukiigongomea kwa nguvu inajikunja ovyo.

Ajabu ni kwamba pande zote nne za paa hilo zimeinama sawa. Mwinamo ni mmoja, mabati ni yale yale, lakini mikunjo ya kofia ni miwili. Kuielewa tofauti hiyo, na kuijua kwa hesabu kabla bati halijakunjwa, kunahitaji mambo mawili ambayo wanafunzi wa hisabati hukutana nayo kwenye somo la vekta: mlinganyo wa bapa, na pembe kati ya bapa mbili.

Msumari mmoja na nukta moja

Bapa ni uso ulionyooka kila upande, usio na mwisho. Upande mmoja wa paa ni kipande cha bapa. Tunataka kulieleza bapa hilo kwa namba, lakini tuanzie wapi? Ndani yake mna mielekeo isiyohesabika: unaweza kutembea juu ya bati ukipanda, ukikata pembeni au ukienda mshazari, na bado uko juu ya bati lile lile.

Piga msumari kwenye bati hilo, uingie ukiwa umenyooka kabisa. Ukilinganishwa na ardhi msumari huo umelala kidogo, kwa kuwa bati nalo limeinama. Lakini ukilinganishwa na bati, unafanya pembe ya nyuzi 90 na kila mstari unaopita juu yake. Mielekeo ya bati ni mingi, ya msumari ni mmoja tu. Mwelekeo huo ndio huitwa vekta normali ya bapa.

Msumari peke yake hautoshi. Ukipandisha paa zima mita moja juu bila kubadili mwinamo wake, misumari itaelekea kule kule. Kwa hiyo tunahitaji pia nukta moja ambayo tuna hakika bapa linaipitia. Normali inatuambia bapa limeinama vipi; nukta inatuambia liko wapi.

Kutoka hapo mlinganyo unajitokeza. Tuseme nukta tunayoijua ni (x₀, y₀, z₀), na normali ni (a, b, c). Nukta nyingine yoyote (x, y, z) iko juu ya bapa ikiwa tu mwendo wa kutoka nukta ya kwanza hadi hiyo ya pili unafanya nyuzi 90 na normali. Vekta mbili zikiwa na nyuzi 90 kati yao, zao lao la nukta ni sifuri: unazidisha namba ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili, ya tatu kwa ya tatu, unajumlisha, unapata sifuri. Basi:

a(x − x₀) + b(y − y₀) + c(z − z₀) = 0

Tupaue nyumba

Tuchukue nyumba yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 8. Kuta zina kimo cha mita 3, na kilele cha paa kiko mita 6 kutoka sakafuni. Ili hesabu isitawanyike, tuache sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Kona moja ya sakafu iwe mwanzo wa vipimo: x inafuata urefu wa nyumba, y inafuata upana, z inapanda juu.

Tuanze na upande mrefu wa paa, ulio juu ya ukuta wa y = 0. Kutoka juu ya ukuta hadi kilele, paa linaingia ndani mita 4, nusu ya upana, na kupanda mita 3. Kwa hiyo mwelekeo wa kupanda juu ya bati ni (0, 4, 3). Mwelekeo wa kufuata ukuta ni (1, 0, 0). Normali lazima ifanye nyuzi 90 na yote miwili, na vekta (0, −3, 4) inafanya hivyo. Jaribu na ule wa kupanda: 4 × (−3) + 3 × 4 = 0. Namba ya mwisho ni chanya, maana yake msumari unaelekea angani. Ile ya kati ni hasi, maana yake umeegemea nje ya nyumba. Hivyo ndivyo tunavyotaka.

Nukta tunayoijua ni ya juu ya ukuta konani, yaani (0, 0, 3). Tukiziingiza:

0(x − 0) − 3(y − 0) + 4(z − 3) = 0

Ikifupishwa inakuwa −3y + 4z = 12. Kosa la kawaida hapa ni kuweka (0, 4, 3) mahali pa normali. Huo ni mwelekeo ulio ndani ya bati, si wa msumari. Kulikamata kosa hilo ni rahisi: chukua nukta ya pili unayoijua, uipime. Kwenye kilele y = 4 na z = 6, na −12 + 24 = 12. Imekubali. Mlinganyo sasa unatoa kimo cha paa popote upande huo. Ukiingia mita 2 kutoka ukutani, 4z = 12 + 6, yaani z = 4.5, na nguzo ya kushikilia paa mahali hapo haiwezi kuwa ndefu kuliko hiyo.

Upande mfupi, ulio juu ya ukuta wa x = 0, una mwinamo ule ule ila unapanda kwa kufuata x. Normali yake ni (−3, 0, 4), nukta ni ile ile ya konani, na mlinganyo ni −3x + 4z = 12. Bapa hizi mbili zinakutana pale milinganyo yote miwili inapokubali kwa pamoja, yaani penye x = y. Huo ndio mgongo wa kona: ukiutazama kutoka juu unaigawa kona ya nyumba nusu kwa nusu, mpaka kwenye ncha ya kilele, (4, 4, 6).

Pembe ya misumari

Pembe kati ya bapa mbili tunaitafuta kupitia misumari yake. Kanuni ni kwamba zao la nukta la normali mbili, likigawanywa kwa urefu wa normali moja mara urefu wa nyingine, ni kosaini ya pembe iliyo kati yake.

Zao la nukta la (0, −3, 4) na (−3, 0, 4) ni 0 + 0 + 16 = 16. Urefu wa kila moja ni kipeuo cha pili cha 9 + 16, yaani 5. Kosaini ni 16 ÷ 25 = 0.64, na kikokotoo kinatoa takribani nyuzi 50.2.

Fundi asikimbilie kukunja kofia kwa nyuzi 50. Hiyo ni pembe ya misumari, si ya mabati. Fikiria umelikata paa kwa msumeno, ukiukingama mgongo wa kona kwa nyuzi 90, kisha ukatazama pale ulipokata. Utaona mistari miwili ya mabati inayokutana juu. Kila mstari una msumari wake wenye nyuzi 90. Ukirefusha misumari hiyo kwa ndani hadi ikutane, unapata umbo la pande nne. Pembe za umbo hilo zinajumlisha nyuzi 360, na mbili kati yake ni za nyuzi 90. Mbili zilizobaki, ya mabati na ya misumari, lazima zijumlishe 180. Kwa hiyo mabati yanakutana kwa nyuzi 180 − 50.2, takribani 129.8.

Sasa mgongo wa juu. Upande mrefu wa pili una normali (0, 3, 4). Zao lake la nukta na (0, −3, 4) ni −9 + 16 = 7, kosaini ni 7 ÷ 25 = 0.28, na misumari ina nyuzi 73.7. Mabati yanakutana kwa takribani nyuzi 106.3. Hapo ndipo kofia zinapoachana: ya kilele hukunjwa kwa nyuzi 106, ya kona kwa nyuzi 130. Kwenye kilele pande mbili zinaegemea mielekeo iliyo kinyume kabisa, hivyo miinamo yao inajumlika yote. Kwenye kona kila upande umeegemea kwake, mmoja kwa y na mwingine kwa x, na kinachoingia kwenye zao la nukta ni ile 4 tu ya kwenda juu.

Mahali watu wanapoteleza

Vitabu vingi vya shule huweka alama ya thamani halisi juu ya zao la nukta ili jibu liwe daima pembe ndogo, isiyozidi 90. Desturi hiyo ina mizizi mirefu: Euklide, kwenye kitabu cha 11 cha *Elementa*, karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, aliueleza mwinamo wa bapa juu ya bapa kuwa pembe kali iliyo kati ya mistari miwili, mmoja katika kila bapa, yote ikichorwa kwa nyuzi 90 na mstari wa makutano. Kwenye mtihani nyuzi 50.2 ni jibu sahihi. Kwenye paa unatakiwa kujiuliza ni pembe ipi inayokaa ndani ya kofia.

Utelezi wa pili ni wa kupima. Ukisimama chini ukatazama kingo za paa konani, unaona pembe ya nyuzi 90, kwa kuwa kuta zinakutana hivyo. Pembe hiyo imelala sambamba na ardhi, haikuukingama mgongo. Kipimo sahihi ni cha kuweka kigezo cha pembe juu ya mgongo wa kona kwa nyuzi 90 na mgongo wenyewe, kama Euklide alivyotaka.

Kona ya kuta ikiwa na nyuzi 90 na miinamo ikiwa sawa, ipo njia ya mkato: chukua kosaini ya mwinamo, uizidishe kwa yenyewe. Hapa mwinamo una kosaini ya 4 ÷ 5, na 0.8 × 0.8 ni 0.64 ile ile. Lakini mwenye nyumba akitaka kilele kirefu zaidi, kianzie mita 3 kutoka ukuta mfupi badala ya 4, njia hiyo haifai tena. Upande mfupi sasa unapanda mita 3 kwa mita 3, normali yake ni (−1, 0, 1), na kosaini ni 4 kugawanya kwa 5√2, takribani 0.566. Misumari ina nyuzi 55.6 na kofia ya kona hukunjwa kwa 124.4. Mgongo wa kona nao hauigawi tena kona nusu kwa nusu, kwa kuwa bapa mbili zinakutana penye y = 4x ÷ 3. Kofia ya kilele haibadiliki, maana pande ndefu hazikuguswa.