Asilimia 3 ya nini?

Kuna swali nimeulizwa Nyangamara, nimeulizwa Ruangwa, na nimeulizwa Kilwa Masoko na watu waliosoma vizuri tu: "Kwa nini sisi tunachukua asilimia 3, mwekezaji anaondoka na 97?" Kabla sijajibu, muulizaji huwa ameshatoa na dawa: mrabaha upandishwe hadi asilimia 50, tugawane nusu kwa nusu, yaishe. Dawa hiyo haitibu. Inaua mgonjwa, na aliyeiandika hajampima.

Asilimia 3 ni kiwango cha mrabaha kwa madini ya viwandani, kama kinywe kinachochimbwa Ruangwa. Dhahabu na metali nyingine ni asilimia 6 tangu mwaka 2017. Mrabaha unakatwa kwenye thamani ya mauzo ghafi, kabla hata shilingi moja ya dizeli au mshahara haijatolewa. Kwa hiyo ile 97 inayobaki siyo faida ya mtu. Humo ndani mna gharama zote za mgodi.

Tuchukue mgodi wa mfano unaouza kinywe cha shilingi bilioni 100 kwa mwaka, na kukitoa ardhini, kukisafisha, kukisafirisha na kulipa madeni kunagharimu bilioni 60. Mrabaha unachukua 3. Faida inayobaki ni 37, na kodi ya mapato ya kampuni ya asilimia 30 inachukua 11.1. Zinabaki 25.9. Sheria ya Madini inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 ambazo haizilipii, kwa hiyo gawio likitolewa lote inapata nyingine 4.1. Jumla ni bilioni 18.2. Pato halisi la mgodi ule, yaani mauzo ukiondoa gharama, lilikuwa 40. Serikali imechukua karibu asilimia 46 yake. Unaweza kusema haitoshi, na hoja hiyo tutaijadili. Lakini anayesema tumepata 3 na wao 97 hajahesabu chochote.

Sasa tumpe mtu huyu mrabaha wake wa asilimia 50. Mauzo 100, Serikali inachukua 50, gharama ni 60. Mwekezaji amepata hasara ya bilioni 10 katika mwaka ambao hakuna kilichoharibika. Hatajenga mgodi, na nusu ya kisichochimbwa ni sifuri.

Watu wakiona hesabu hiyo hurudi nyuma kidogo: basi mrabaha uwe 20 na kodi ya faida ifutwe, kwa sababu faida inafichwa lakini tani haifichiki. Hii ni hoja ya mtu anayefikiri, tuifuate mpaka mwisho. Katika mgodi wetu, mrabaha wa asilimia 20 pekee unaipa Serikali 20 na mwekezaji 20. Kodi ya faida ya asilimia 50 pekee inatoa matokeo yale yale. Mwaka wa kawaida huwezi kuzitofautisha.

Bei ikianguka, mauzo yakawa 75 na gharama zikabaki 60, mrabaha unachukua 15 na mwekezaji anabaki mikono mitupu. Kodi ya faida ingewapa 7.5 kila mmoja. Mauzo yakishuka hadi 60, Serikali ya mrabaha bado inadai 12, na mgodi unalipa kwa kukopa au unafungwa. Hata usipofungwa, mchimbaji anaacha ardhini mbale zenye kinywe kidogo, kwa kuwa zikishakatwa mrabaha hazilipi tena. Sasa geuza: bei imepanda, mauzo ni 140. Mrabaha unaleta 28, mwekezaji anabeba 52. Kodi ya faida ingeleta 40 kwa 40. Anayetaka mrabaha mtupu amemwachia mwekezaji hatari ya bei, na amemwachia pia neema ya bei. Halafu neema ikija analalamika kwamba ameibiwa.

Mkulima wa korosho analijua hili. Mwenye shamba akikubaliana na mpangaji kuchukua magunia 2 katika kila 10, hahitaji kujua salfa ilinunuliwa shilingi ngapi. Akikubali nusu ya kinachobaki baada ya salfa na vibarua, lazima aanze kukagua risiti.

Na hapo kwenye risiti ndipo wasiwasi wa wananchi ulipo wa haki. Sheria ya Madini ya 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu asilimia 3, na taratibu za kodi za wakati ule ziliruhusu mtaji wote kuondolewa mapema kwenye faida. Migodi mikubwa ilikaa miaka mingi ikitangaza hasara. Kamati ya Jaji Bomani iliyachunguza hayo, na sheria ya 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu hadi 4 na kuuhamishia kwenye thamani ghafi.

Kwenye gesi ya Songo Songo, Kilwa, iliyogunduliwa 1974 na kuanza kutumika kibiashara 2004, mfumo wote umeegemea faida. Mkataba wa 2001 unairuhusu kampuni inayozalisha gesi hiyo kurudisha gharama zake kwa hadi asilimia 75 ya mapato ya gesi, baada ya kuondoa malipo ya kusafisha na kusafirisha kwa bomba. Kinachobaki kinagawanywa kati yake na Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC. Kampuni ikisharudisha gharama zote pamoja na faida ya asilimia 25 kwa mwaka juu ya mfumuko wa bei, inaanza kodi ya faida ya ziada inayoweza kufikia asilimia 55 ya fungu lake. Maana yake, mwaka wa kuchimba kisima kipya mgao wa Taifa unapungua, kwa sababu Taifa linashiriki kukilipia. Gharama ya uongo ikipita, Taifa linashiriki kuilipia pia, na ile kodi ya ziada inasogezwa mbele.

Kwenye bahari kuu mbele ya Lindi, Sheria ya Petroli ya 2015 iliweka mrabaha wa asilimia 7.5, wakati nchi kavu ni 12.5. Siyo huruma, kisima cha huko ni ghali mno. Januari 2021 kampuni ya Equinor ilipunguza kwenye vitabu vyake thamani ya mradi wa gesi wa Lindi kwa dola milioni 982. Hazina ya Tanzania haikuandika hasara hiyo.

Kwa hiyo cha kufanya ni hiki, kwa kifupi. Weka mrabaha wa wastani ili fedha zianze kuingia tangu shehena ya kwanza. Ufanye upande bei ikipanda. Juu yake weka kodi ya faida inayoongezeka kadiri mradi unavyozidi kulipa. Zuia gharama za mgodi mmoja zisiingizwe kwenye hesabu za mwingine. Weka kikomo cha urejeshaji gharama, na kagua kila mwaka, siyo baada ya miaka kumi wakati risiti zimepotea.

Ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri nao hukatwa kwenye mauzo, kwa hiyo diwani anaweza kuuhakiki kwa kujua mauzo tu. Kodi ya faida haihakikiki hivyo. Sheria ya uwazi katika uziduaji ya 2015 inataka mikataba iwekwe wazi. Mbunge wenu akija Nyangamara, acheni kumuuliza kuhusu asilimia 3. Mwulizeni gharama zilizorejeshwa mwaka jana ni kiasi gani, nani alizikagua, na ngapi zilikataliwa.