Mbia akishindwa kulipa, pengo hubebwa na nani?

Asha, Juma na Salumu wanavunja ubia. Hugawana faida na hasara sawasawa. Vitabu vinaonyesha mtaji wa Asha ni shilingi 6,000,000 na wa Juma 3,000,000. Salumu hana kitu. Mali inauzwa, madeni yanalipwa, na hasara ni 1,800,000, yaani 600,000 kwa kila mmoja. Salumu amefilisika, hawezi kulipa yake.

Wengi wangeikata hiyo 600,000 nusu kwa nusu. Mahakama ya Uingereza, katika kesi ya Garner na Murray iliyoripotiwa 1904, ilikataa: hilo si hasara ya biashara bali deni la mbia, na wenzake hubeba pengo hilo kwa uwiano wa mitaji yao kabla ya kuvunja. Uwiano hapa ni 2 kwa 1, hivyo Asha anabeba 400,000 na Juma 200,000.

Baada ya kutoa pia hasara zao wenyewe, Asha anachukua 5,000,000 na Juma 2,200,000. Mwenye mtaji mkubwa ndiye anayeumia zaidi, jambo ninaloliona gumu kulitetea. Mkataba wa ubia unaweza kupanga vingine.